Mteja Akijibu "Hapana, Sivyo": Namna ya Kujua Jibu Lilikosea Wapi

Kijana akikabidhiwa simu ya kazi, iwe ya boti hapa Lamu au ya nyumba ya wageni kule Malindi, hachukui wiki kabla ya kurudi na swali lile lile: "Nimemjibu mteja vizuri kabisa, naye ananiambia hapana, sivyo. Sasa nimwambie nini?" Kabla ya kuuliza huwa amekwisha kufanya moja kati ya mambo matatu: amerudia jibu lake kwa herufi kubwa, ameomba radhi mara nne, au amepunguza bei ambayo hakuna aliyeilalamikia.

Mwongozo huu ni wa kazi moja tu: kukitafuta kipande cha jibu lako kilichokosewa, kabla hujaandika jibu jingine. Tutaufuata mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Mteja anaulizia boti:

Mteja: "Assalaam alaikum. Naulizia boti ya kukodi kwenda Pate Jumamosi. Tuko watu sita na mizigo kidogo. Tuondoke saa ngapi?"

Jibu: "Waalaikum salaam. Jumamosi boti itaondoka saa moja asubuhi jeti ya Lamu. Safari ni kama saa mbili. Mizigo midogo hailipiwi. Nusu ya malipo mtatoa kabla. Karibuni sana."

Mteja: "Hapana ndugu yangu, sivyo hivyo. Tuko na mzee."

Soma tena huo ujumbe wa mwisho. Hajasema saa moja ni mbaya, wala hajasema bei ni kubwa. Lakini ndani ya maneno machache hayo kuna kila unachohitaji.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Ujumbe wa kwanza wa mteja, mzima. Ikiwa ni wa sauti, usikilize tena, usitegemee unavyoukumbuka.
- Jibu lako kama lilivyotumwa, si kama ulivyokusudia. Mara nyingi hivyo viwili havifanani.
- Karatasi na kalamu. Skrini ya simu ni ndogo, na ukipandisha na kushusha jumbe utasahau ulichosoma juu.
- Kwa kazi ya boti: saa za maji ya siku hiyo, kutoka kwenye jedwali la maji au kwa nahodha. Kwa kazi ya vyumba: daftari la nafasi.
- Dakika kumi hivi. Mteja aliyesema "hapana" bado anazungumza na wewe. Anayeondoka ni yule asiyejibu kitu.

Hatua ya 1: Pokea, usijibu hoja bado

Andika kitu kifupi: "Sawa, nimekupata. Nipe dakika chache nikuangalizie vizuri." Basi.

Usiombe radhi kwa kirefu hapa. Ukiandika "samahani sana kwa kosa letu" unamwambia mteja kwamba kosa umelijua, naye atatulia akingoja ulirekebishe. Ukirudi na swali, ataona unamchezea. Radhi ina mahali pake, nayo ni hatua ya mwisho, kwa sentensi moja.

Hatua ya 2: Rudi kwenye ujumbe wa kwanza

Andika karatasini alichouliza, kwa maneno yake. Katika mfano wetu swali ni moja: tuondoke saa ngapi. Hakuuliza nauli wala mizigo.

Chini yake andika alichokitaja bila kukiuliza: Pate, Jumamosi, watu sita, mizigo kidogo. Kisha tazama kila neno kati ya hayo kama lina maana moja tu kwenu nyote wawili. "Pate" ni kisiwa kizima, chenye Siyu, Faza na Kizingitini ndani yake, na pia ni mji mmoja katika kisiwa hicho. Anayesema "naenda Pate" huku anakwenda Faza hasemi uongo. Weka alama ya kuuliza pembeni ya neno hilo na uendelee. Usikimbilie kumuuliza sasa.

Hatua ya 3: Likate jibu lako vipande

Kipande ni kila kitu kinachoweza kuwa kweli au uongo peke yake. Jibu letu lina sita: siku ni Jumamosi, saa ni moja asubuhi, mahali pa kupandia ni jeti ya Lamu, safari ni saa mbili, mizigo midogo ni bure, nusu ya malipo ni kabla.

Sasa andika vipande ambavyo hukuviandika lakini jibu lako linavisimamia. Hapa ndipo wanaoanza huruka, na hapa ndipo kosa hukaa mara nyingi zaidi. Jibu la saa moja asubuhi linachukulia kwamba:

- wasafiri watalala Lamu mjini, hawatakuja kwa basi na kushukia Mokowe, upande wa bara;
- "Pate" ni mji wa Pate;
- kila mmoja kati ya hao sita anaweza kushuka popote boti itakapofika, hata kama ni kuteremka majini na kutembea kwenye tope.

Hakuna hata kimoja kati ya vitatu hivyo ambacho mteja aliwahi kukisema. Umeviweka wewe.

Hatua ya 4: Tazama "hapana" imekaa wapi

Kuna dalili nne, na zisome kwa mpangilio huu.

Kwanza, je, mteja ameunukuu ujumbe wako? Kwenye WhatsApp mtu akiuvuta ujumbe ili kuujibu, ule anaoujibu hubaki juu ya maneno yake. Ikiwa jibu lako ulilituma kwa jumbe tatu fupi, nukuu hiyo inakuonyesha ni upi kati ya hizo. Ikiwa ulituma aya moja ndefu, haikusaidii kitu, na hiyo ni sababu tosha ya kutotuma aya ndefu.

Pili, amerudia neno gani? Mtu anayesema "hapana, saa moja sivyo" amekwisha kukuonyesha kipande.

Tatu, ameongeza kitu gani ambacho hakikuwepo mwanzo? Hii ndiyo dalili yenye nguvu kuliko zote. Kile kinachokuja mara tu baada ya "hapana" karibu kila mara ndicho sababu yake, hata kama hakionekani kuhusiana. Mteja wetu ameongeza "tuko na mzee".

Nne, ni nini hakugusa? Hakugusa siku, mizigo wala malipo. Vichukulie hivyo vimekubaliwa mpaka aseme vingine.

Sasa chukua kile alichoongeza ukipitishe juu ya kila kipande, ukijiuliza: kuwepo kwa mzee kunabadilisha hiki? Siku, hapana. Mizigo, hapana. Malipo, hapana. Muda wa safari, hapana. Jeti ya kupandia, kidogo, lakini jeti ya Lamu ina ngazi na watu wa kumshika mkono. Kushuka mwisho wa safari: ndiyo, moja kwa moja. Na kushuka kunategemea maji, na maji yanategemea saa. Kwa hiyo kilichokataliwa ni saa, lakini si kwa sababu ya mapema au kuchelewa. Kimekataliwa kwa sababu ya hali watakayoikuta wakifika.

Ukiishia kwenye "saa ndiyo mbaya" bila kufika kwenye "kwa nini", utampa saa kumi na mbili alfajiri, na atakuambia hapana tena.

Hatua ya 5: Lipe kosa jina

Kuna aina nne zinazojirudia, na kila moja ina dawa yake.

Ukweli wenyewe ni mbaya: umetaja siku au bei isiyo sahihi. Dawa ni kusahihisha hicho kimoja.

Umejibu swali jingine: aliuliza kama chumba kina feni, ukampa bei ya chumba. Hapa jibu lako lote linaweza kuwa kweli na bado likawa halifai. Usilitetee kwa ukweli wake.

Jibu ni sahihi kwa mtu mwingine: kuna jambo hukulijua juu ya huyu. Mzee wetu yuko hapa.

Umbo ni baya: alitaka picha ukampa maelezo, au alituma sauti kwa sababu hasomi maandishi madogo, nawe ukamwandikia aya mbili. Dalili ya aina hii ni kwamba anakataa lakini hatoi sababu yoyote, na akirudia swali hulirudia vile vile neno kwa neno.

Hatua ya 6: Badilisha kipande kimoja na ulijaribu jibu

Tuseme nahodha amekuambia kwamba Jumamosi hiyo maji yatapwa kabisa saa tatu asubuhi. Kutoka kupwa hadi kujaa ni kama saa sita na robo, basi yatajaa saa tisa na robo mchana.

Lifuate jibu la kwanza mpaka mwisho. Wanaondoka saa moja, wanapita mkondo wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, maji yakiwa yanaelekea kuisha, na wanafika Pate saa tatu, maji yakiwa makavu kuliko saa yoyote ya asubuhi hiyo. Boti haifiki ufukoni. Abiria wanashuka mbali na kutembea kwenye tope, au wanashushwa Mtangawanda, jeti nyingine ya kisiwa hicho cha Pate, na kumalizia kwa nchi kavu. Kijana atacheka na kubeba viatu mkononi. Mzee hawezi. Na mteja, ambaye pengine ni mtu wa visiwani, alilijua hilo alipoona tu "saa moja". Ndiyo maana hakueleza zaidi. Kwake halikuhitaji maelezo.

Sasa badilisha saa peke yake. Wakiondoka saa saba mchana, watapita Mkanda karibu saa nane maji yakiwa mengi, na watafika saa tisa, robo saa kabla ya kujaa. Hata wakichelewa nusu saa bado boti itasogea karibu. Soma jibu hili jipya pamoja na ujumbe wa kwanza na ule wa "tuko na mzee". Linajibu yote mawili. Kipande kimepatikana.

Angalia mipaka ya jibu lako pia. Saa saba ni ya Jumamosi hiyo tu. Wakiahirisha mpaka Jumapili, maji yatasogea mbele kwa kama dakika 50, na wakiahirisha wiki nzima mambo yatakuwa yamegeuka: saa ambayo maji yalijaa yatakuwa yamepwa. Na wakati wa kusi upepo wa mchana huweza kuwa mkali, kwa hiyo muulize nahodha kabla ya kuahidi, si baada ya kuahidi.

Hatua ya 7: Ukibaki na mashaka, uliza swali moja lenye majibu mawili

Usiulize "unamaanisha nini?" Swali hilo humrudishia mteja kazi yote, na kwa mtu mzima linasikika kama dharau. Usiulize maswali matano pia; atajibu la mwisho tu.

Katika mfano wetu mashaka yaliyobaki ni lile neno uliloliwekea alama. Swali linakuwa: "Mzee anaweza kupanda bodaboda kutoka Mtangawanda, au ni lazima mshuke Pate penyewe?" Anaweza kulijibu kwa neno moja, na jibu lolote linakupa njia. Pia linamwonyesha kwamba umeelewa habari ya mzee bila wewe kujisifu kuwa umeelewa.

Hatua ya 8: Tuma jibu jipya, kilichobadilika kwanza

"Samahani, sikuzingatia mzee. Jumamosi tuondoke saa saba mchana badala ya saa moja asubuhi, mfike saa tisa maji yakiwa yamejaa, asishuke kwenye tope. Jeti, mizigo na malipo ni kama nilivyosema."

Sentensi ile ya mwisho usiiache. Bila hiyo mteja hajui kama bei imebadilika pamoja na saa, na utapata swali jingine la bure.

Makosa yanayoonekana kila siku

*Kulirudia jibu kwa urefu zaidi.* Ikiwa kipande kibaya kilikuwa kimoja kati ya sita, sasa kiko kimoja kati ya kumi na mbili, na mmezidi kupotezana.

*Kubadilisha kila kitu kwa mpigo.* Ukibadilisha saa, jeti na bei pamoja, mteja akikubali hujui kilichomridhisha, na akikataa hujui kilichomuudhi. Juu ya hayo umepoteza bei bure.

*Kudhani ni bei.* Wafanyabiashara wapya wana ugonjwa huu. Mtu wa pwani akiona bei kubwa husema bei kubwa, hata kwa utani. Ikiwa hakuitaja, isikuguse.

*Kutupa machaguo matatu ili moja lipate.* "Saa moja, saa tano au saa saba?" Mteja asiyejua maji atachagua saa tano kwa sababu iko katikati, na lawama itakurudia wewe.

*Kumthibitishia kuwa jibu lako lilikuwa kweli.* Boti ilikuwa tayari kuondoka saa moja, ni kweli. Hakuna aliyekataa hilo.

Ikiwa bado haikai sawa

*Anakataa saa, nawe una hakika na saa.* Kabla ya kitu kingine, hakikisha mnahesabu saa kwa namna moja. Mtoto aliye ng'ambo akiwaulizia wazazi huweza kuandika "saa 7" akimaanisha 07:00, yaani saa moja asubuhi, wakati wewe umesoma saa saba mchana. Andika zote mbili katika ujumbe mmoja: "saa moja asubuhi (07:00)". Hakuna anayechukizwa na hilo.

*Anakataa siku ya chumba.* Uliza kuhusu usiku. Kwa wazee wengi wa Lamu usiku hutangulia mchana wake, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" ni ule unaoanza Alhamisi magharibi. Kijana anayeandika daftari huuweka Ijumaa jioni, na mgeni anafika siku nzima kabla ya chumba chake. Swali la majibu mawili hapa ni: "Mtafika Alhamisi jioni au Ijumaa jioni?" Usitumie neno usiku kabisa.

*Amesema "hapana" tu, bila neno jingine.* Huna dalili ya tatu, basi tumia ya nne kinyumenyume: mtumie kipande kimoja ulicho na hakika nacho zaidi, ukiomba akithibitishe. "Ni Jumamosi hii, siyo?" Watu wengi hawawezi kuthibitisha kitu kimoja bila kusahihisha cha pili papo hapo. "Ndiyo Jumamosi, lakini mama yangu yuko Mokowe." Umepata.

*Majibu yanapingana.* Jana alikubali saa saba, leo anasema sivyo. Yamkini simu imeshikwa na mtu mwingine wa nyumba hiyo. Tazama salamu na namna ya kuandika. Zikibadilika, uliza kwa adabu unazungumza na nani, na umwandikie upya kama hujawahi kumjibu.

*Umeelewa vizuri, ila hataki.* Mteja anataka kufika Pate penyewe saa tatu asubuhi bila mzee kukanyaga tope, siku ambayo maji yatakuwa makavu. Hilo si kosa la jibu na hakuna kipande cha kutafuta. Mwambie wazi kwamba saa hiyo boti haifiki ufukoni, mpe saa ambayo inafika, na umwachie achague siku nyingine akipenda.

*Amekataa mara mbili mfululizo baada ya hatua zote.* Acha kuandika, piga simu. Usianze kwa kujieleza. Mwombe akusimulie safari yenyewe tangu anapotoka nyumbani mpaka anapofika, nawe uandike. Pale atakapotaja mtu, mahali au saa ambayo haimo kwenye karatasi yako, mwache amalize, kisha umuulize hapo.